MTOTO ANA HOMA NA ANAHEMA MBIO: SAFARI YA HOSPITALI NI USIKU HUU AU ASUBUHI?

Wazazi na walezi wote wa Unguja, Pemba na visiwa vidogo vinavyotuzunguka wanaombwa kuisoma taarifa hii kwa utulivu, na ikiwezekana wamsomee mwenzao asiyeweza kusoma, kwa kuwa jambo linaloelezwa humu kwa kawaida hutokea saa ambayo hapana mtu wa kuulizwa. Mtoto ameshinda na mafua siku mbili, mchana alikuwa akicheza uani, na baada ya magharibi mwili umepanda moto na pumzi zinakwenda mbio. Kituo kidogo cha shehia kimekwishafungwa tangu alasiri. Hospitali ipo, lakini iko mbali, na gari au chombo cha kuvukia hakipatikani bila ya kumwamsha mtu na kulipa fedha. Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kukata shauri, naye aghalabu hukata shauri kwa khofu au kwa uchovu.

Makusudio ya maelezo haya ni kumpa mzazi namna ya kukata shauri hilo kwa kutazama na kuhesabu. Yanahusu watoto waliozaliwa karibuni hadi wale ambao hawajatimiza miaka 5, maana huo ndio umri ambao nimonia, ambayo wazee wetu wakiiita kichomi, huwa na hatari kubwa zaidi.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini tunazungumzia pumzi kuliko homa. Watu wengi hupima uzito wa maradhi kwa joto la mwili; wakigusa paji la uso na kuliona linaunguza, hushtuka, na wakiliona na vuguvugu tu, hutulia. Kipimo hicho hudanganya pande zote mbili. Mafua ya kawaida yanaweza kumfikisha mtoto kwenye nyuzi 39 na nusu naye akawa anaomba chakula, na nimonia inaweza kumshika mtoto ambaye joto lake halikuvuka 38. Katika nimonia, vifuko vidogo vya hewa vilivyomo ndani ya mapafu hujaa maji na usaha, na pafu lililokuwa laini kama sifongo huwa gumu. Mtoto hawezi tena kuvuta pumzi ndefu, kwa hiyo huvuta pumzi fupi fupi nyingi ili apate hewa ile ile. Kwa sababu hiyo, wingi wa pumzi hueleza habari za mapafu ambazo joto la mwili haliwezi kuzieleza.

Elimu hii haikuanzia kwenye mitambo mikubwa. Katika miaka ya 1980, daktari Frank Shann na wenzake waliokuwa wakifanya kazi katika milima ya Papua New Guinea, nchi ya visiwa iliyo mbali sana na kwetu, walionyesha kwamba kuhesabu pumzi na kutazama kifua kunatosha kuwatenga wengi wa watoto wenye nimonia na wale wenye mafua tu, hata pale ambapo hapana picha ya eksirei. Miaka hiyo hiyo, ng'ambo yetu hapa Bagamoyo, wahudumu wa afya wa vijijini walipita nyumba kwa nyumba wakiwafundisha wazazi dalili hizo na kuwapa watoto dawa, na vifo vya watoto wadogo vikapungua. Kwa hivyo mzazi asidhani kuwa anapewa kazi ya daktari isiyomhusu. Ni kazi iliyokwishajaribiwa mikononi mwa watu wa vijiji kama vyetu.

DALILI AMBAZO HAZINGOJI HESABU

Kabla ya kutafuta saa, mzazi amtazame mtoto mwenyewe. Zipo dalili ambazo zikionekana hata moja peke yake, hapana haja ya kuhesabu pumzi wala kupima joto, na safari ni wakati huo huo.

Dalili ya kwanza ni mtoto kushindwa kunyonya au kunywa. Hapa ifahamike vizuri: mtoto mgonjwa kukataa uji ni jambo la kawaida, na wala si hilo tunalokusudia. Tunakusudia mtoto anayepewa titi akalishika mara moja kisha akaliachia kwa kukosa pumzi au nguvu, au anayetiwa maji kinywani yakamtoka pembeni bila ya kuyameza. Ya pili ni kutapika kila kinachoingia, hata kijiko cha maji, kiasi kwamba hapana dawa itakayobakia tumboni. Ya tatu ni kulegea na kusinzia kusiko kwa kawaida. Mtoto aliyelala usingizi wa kweli ukimwondoa nguo na kumgusa nyayo atanung'unika, atafungua macho na kukutazama. Mtoto aliyezidiwa hufungua macho nusu, haangalii uso wa mama yake, na kichwa humwangukia upande.

Dalili ya nne ni degedege. Jambo hili tunalisema kwa heshima, kwa kuwa tunajua yako majumba ambayo mtoto akishikwa na degedege hupelekwa kwanza kwa fundi, na wengine huogopa kwamba sindano itamuua mtoto aliye katika hali hiyo. Linaloua ni maradhi yaliyosababisha degedege, kama malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na kila saa inayopita maradhi hayo huzidi kushika. Mtoto akitupa viungo na macho yakageuka, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani, na watu waanze kutafuta usafiri wakati yeye bado ametulizwa hapo. Hata degedege ikikatika na mtoto akaonekana mzima, safari iko pale pale.

Dalili nyengine mbili zinahusu pumzi zenyewe. Moja ni mlio mkavu wa koo unaosikika mtoto anapovuta pumzi ndani, naye ametulia halii. Ya pili ni midomo au ulimi kugeuka rangi ya buluu au kijivu. Kwa watoto weusi ulimi hutazamika vizuri kuliko ngozi, na utazamwe kwa taa nyeupe, si kwa mwanga wa kibatari ambao hufanya kila kitu kionekane chekundu.

Na yuko mtoto mmoja ambaye yeye mwenyewe ni dalili: kichanga ambaye hajatimiza miezi 2. Kichanga akiwa na homa, yaani nyuzi 37 na nusu au zaidi, au mwili wake ukiwa wa baridi kuliko kawaida, au akihema mbio, haangojwi hadi asubuhi, hata kama ananyonya. Mwili wa umri huo haujui kujitetea wala kutoa ishara nyingi, na maradhi yanaweza kuingia kwenye damu huku mtoto akionekana ametulia tu. Kichanga asipewe dawa yoyote ya homa nyumbani. Afungwe nguo kavu, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, na aondoke.

NAMNA YA KUHESABU

Ikiwa hapana hata moja katika hayo, na mtoto ametimiza miezi 2, sasa ndipo mzazi ahesabu. Kinachohitajika ni saa yenye mshale wa sekunde au simu, taa nzuri, na watu wawili kama wapo. Mmoja atazame saa, na mwengine asitazame kitu ila tumbo na kifua cha mtoto.

Sharti la kwanza ni mtoto awe ametulia. Mtoto anayelia, anayenyonya, au aliyetoka kulia dakika mbili zilizopita huhema mbio hata akiwa mzima, na hesabu hiyo haina maana yoyote. Wakati mzuri ni anapolala, au anapokuwa ameegemea kifuani mwa mama yake hana habari. Nguo ipandishwe taratibu hadi kwenye chuchu, na asiguswe kwa mkono wa baridi. Mwenye kutazama achague pahala pamoja, juu kidogo ya kitovu, ambapo tumbo huonekana kupanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kosa linalotokea sana ni kuhesabu kupanda moja na kushuka mbili, na hapo mtoto mzima wa pumzi 30 huandikiwa 60, na watu wote wakatoka mbio.

Ihesabiwe dakika nzima, sekunde 60. Wako wanaohesabu robo dakika kisha wakazidisha kwa nne, na hiyo kwa mtu mzima si mbaya sana, lakini mtoto mdogo hahemi kwa mpango. Huenda haraka kidogo, akatua, akaanza tena, na robo dakika inaweza kuangukia kwenye haraka tupu au kwenye kituo kitupu.

Anayeogopa kupotea hesabu yafaa atumie tasbihi, ambayo haikosekani katika nyumba zetu. Kwa kila pumzi asukume punje moja kwa kidole bila ya kutaja idadi, na mwenye saa anaposema dakika imekwisha, asimame hapo hapo na kuzihesabu punje zilizopita. Tasbihi ya punje 99 ina vituo kila baada ya punje 33, kwa hiyo pumzi 40 ni punje 7 baada ya kituo cha kwanza, na pumzi 50 ni punje 17 baada ya kituo hicho. Njia hii huyaacha macho yabaki kwenye tumbo la mtoto, na ndiyo faida yake.

Sasa idadi hiyo isomwe kwa umri. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka anahema mbio ikiwa amefikia pumzi 50 au zaidi kwa dakika. Mtoto aliyetimiza mwaka hadi kabla ya miaka 5 anahema mbio akifikia 40 au zaidi. Kwa kichanga cha chini ya miezi 2 mpaka wake ni 60, na akifikia hapo huhesabiwa mara ya pili ili kuhakikisha. Mzazi haitaji kukariri mipaka yote mitatu. Aandike ule mmoja wa umri wa mwanawe nyuma ya kadi ya kliniki, na mtoto akitimiza mwaka aubadilishe.

KIFUA KINACHOINGIA NDANI

Baada ya kuhesabu, kabla nguo haijateremshwa, kitazamwe kifua. Mtoto mzima anapovuta pumzi, kifua na tumbo vyote hutoka nje pamoja. Mtoto ambaye mapafu yamekuwa magumu huvuta kwa nguvu hadi sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu za mwisho zinapopakana na tumbo, ikaingia ndani wakati tumbo linatoka nje. Huonekana kama mfereji unaojichora kuzunguka chini ya mbavu kila anapovuta.

Dalili hii ina masharti yake. Mtoto alazwe sawa, asiwe amekunjwa kiunoni juu ya mapaja, maana akikunjwa kila kifua huonekana kama kinaingia. Awe hanyonyi wala halii. Iwe inaonekana kwa kila pumzi, si mara moja moja. Ngozi iliyo baina ya mbavu ikiingia kidogo peke yake, hilo si hili tunalolisema. Na kwa mtoto mdogo aliyezibwa pua, pua isafishwe kwanza kwa kitambaa laini kilichochovywa katika maji safi yenye chumvi kidogo, kisha kifua kitazamwe tena, kwa sababu pua iliyoziba peke yake inaweza kukivuta kifua.

Kifua kikiwa kinaingia ndani kwa masharti hayo, safari ni usiku huu kwa umri wowote, iwe idadi ya pumzi ni ngapi. Tunasisitiza neno hili la idadi kwa sababu liko jambo linalowapoteza wazazi wengi. Mtoto aliyehema mbio kwa muda mrefu mwishowe huchoka. Pumzi zilizokuwa 60 hushuka hadi 45, halafu 35, na watu wa nyumbani husema, "Alhamdulillahi, sasa anapata usingizi." Pumzi zikipungua na mtoto akazidi kuwa macho, akanyonya na akatazama watu, hiyo ni nafuu. Pumzi zikipungua huku analegea na mbavu bado zinaingia, hiyo ni dalili mbaya kuliko ile ya mwanzo.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa nyumba moja huko Makoongwe, kisiwa kinachotazamana na bandari ya Mkoani, Pemba. Mtoto ni wa kiume, ana mwaka mmoja na miezi 4. Ana kikohozi tangu juzi. Saa mbili na robo usiku mama anamwona anahema mbio, anampandisha nguo na kuhesabu huku mtoto analia, anapata 62. Bibi wa mtoto anataka mwenye mashua aamshwe palepale. Mama anaiacha hesabu hiyo kwa sababu mtoto alikuwa analia, lakini anamtazama: ananyonya vizuri, anamfuata bibi yake kwa macho, hakutapika, hakushikwa na degedege. Hapana lililo katika zile dalili zisizongoja.

Saa tatu kasorobo mtoto amelala kifuani. Baba anashika simu na kutazama sekunde, mama anahesabu dakika nzima: pumzi 48. Kipimajoto cha kwapani kinaonyesha nyuzi 39.3. Kifua kinatazamwa kwa tochi, mbavu za chini haziingii. Kwa umri wake mpaka ni 40, naye ameuvuka.

Hapa ndipo panapohitaji busara kidogo. Homa yenyewe huongeza pumzi chache kwa kila nyuzi moja inayopanda, kwa hiyo mtoto aliyeuvuka mpaka kidogo anaweza kuwa na homa tu. Wazazi hawa wanampa mtoto paracetamol, robo ya kidonge cha miligramu 500 iliyopondwa katika kijiko cha maji, kipimo kinachomfaa mtoto aliyetimiza mwaka na ambaye hajatimiza miaka 3, na ambacho hurudiwa baada ya saa 6 kama homa ingaliko. Wanamvua sweta. Hawamtii katika maji ya baridi, kwani maji ya baridi humtetemesha mtoto na joto la ndani likapanda zaidi. Wanangoja dakika 45.

Saa tatu na nusu joto limeshuka hadi 38.2. Pumzi ni 45. Homa imeteremka, lakini pumzi hazikurudi chini ya mpaka. Wazazi wanakata shauri la kuvuka. Laiti hesabu hiyo ya pili ingekuwa 34, mtoto akinyonya na kifua kikiwa kizuri, wangemweka nyumbani, wangeamka kila baada ya saa mbili au tatu kumtazama na kuhesabu tena, na asubuhi kituo kikifunguliwa wangekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo. Hawangekaa siku ya pili nyumbani, kwa sababu homa yoyote ya mtoto lazima ipimwe malaria. Maradhi haya yamepungua sana katika visiwa vyetu tangu dawa mseto na vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika katika miaka ya 2000, lakini hayakutoweka, na malaria kali nayo humfanya mtoto aheme mbio, kwa kuwa damu imepungua au imeharibika kwa tindikali. Nimonia na malaria haziwezi kutenganishwa kwa macho. Hutenganishwa kwa tone la damu la kidoleni, ambalo jibu lake hupatikana baada ya robo saa hivi.

Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, tabibu anahesabu mwenyewe, anapata 46. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kwenye kidole kinasoma 95. Kingesoma chini ya 90 mtoto angelazwa na kutiwa hewa. Damu haina malaria. Mtoto anapewa amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka katika maji: kwa uzito wake wa kilo 10 na nusu, vidonge 2 vya miligramu 250 asubuhi na 2 jioni, kwa siku 5. Mama anaambiwa arudi naye siku ya tatu, na arudi mapema zaidi ikiwa atashindwa kunyonya au mbavu zitaanza kuingia. Dawa ya kwanza ameipata usiku ule ule. Angengoja hadi asubuhi, angeipata baada ya saa kumi nyengine za maradhi.

BAHARI NA UMBALI

Wanaoishi Mjini, ambao gari inapita mlangoni, wanaweza kumudu kungoja dakika 45 za hesabu ya pili. Walioko Makoongwe, Kisiwa Panza, Kojani, Fundo au Tumbatu lazima waingize maji katika hesabu yao. Ikiwa maji yanakupwa na baada ya saa moja vyombo vitalala juu ya mchanga hadi alfajiri, mzazi asingoje kuona kama homa itashuka. Mtoto aliyeuvuka mpaka avuke na maji yaliyopo. Yeye atakaporudi na kuambiwa ilikuwa mafua tu, hakupoteza chochote isipokuwa nauli. Kadhalika mtoto wa chini ya mwaka aliyefikia pumzi 50 akiwa ametulia, maoni yetu ni kwamba asingojewe dawa ya homa ifanye kazi, hata kwa wale walio karibu.

Yako pia mambo mawili ambayo yamekuwa yakichelewesha safari. La kwanza ni mabaki ya dawa. Nyumba nyingi zina chupa ya amoksilini iliyobakia kwa mtoto mwengine, na mzazi humpa mgonjwa kijiko kimoja ili "asubuhi ifike". Dawa ya maji iliyokwisha kuchanganywa huharibika baada ya siku chache, na kijiko kimoja hakitibu nimonia. Humfanya mzazi aahirishe tu. La pili ni kukatwa kimio kwa mtoto mwenye kikohozi cha muda. Kimio hakisababishi nimonia, na kidonda cha kooni humzuia mtoto kunyonya na huweza kumtoa damu nyingi.

Wapo wanaouliza kuhusu chanjo. Chanjo dhidi ya nimokoka, kimelea kikubwa cha nimonia, imeanza kutolewa nchini mwaka 2013, na mtoto aliyekamilisha chanjo zake yumo katika hatari ndogo zaidi. Lakini virusi na vimelea vyengine viko, kwa hiyo pumzi zake zihesabiwe vile vile.

Mtoto anayepiga mluzi kifuani anapotoa pumzi huenda ana pumu au mapafu yaliyobanwa na mafua. Naye ikiwa anahema juu ya mpaka wake, apelekwe usiku huo. Na mtoto ambaye alikuwa mzima, akaanza ghafla kuhema kwa taabu bila ya homa alipokuwa akila au akichezea kunde, njugu au shanga, ana kitu kilichoingia njia ya hewa, na hahitaji hesabu yoyote.

Anayesafiri na mtoto usiku achukue kadi ya kliniki, na aandike kwenye karatasi saa ya kila hesabu, idadi aliyoipata, joto, na dawa aliyotoa pamoja na saa yake. Tabibu atakayempokea atazihitaji hesabu hizo kuliko maelezo marefu. Mtoto abebwe mbele, akiwa ameinuliwa kifua, uso wake ukionekana, wala asifungwe mgongoni na kufunikwa kanga kichwani, kwani njiani ndipo hali inapoweza kubadilika na mama asijue. Anyonyeshwe kila anapotaka. Asiyekuwa na chombo wala nauli ampelekee habari sheha wa shehia yake saa yoyote ya usiku, na amweleze kwa maneno haya machache: umri wa mtoto, pumzi ngapi kwa dakika, na kama ananyonya au hanyonyi.